Insha ya helmeti: nikate nini?

"Insha yangu ya kuwashawishi abiria wa bodaboda wavae helmeti ina maneno 800, mwalimu anataka 400. Nina kisa cha jirani, mfano wa yai na takwimu tatu. Kipi kibaki?"

Ndugu, anza na ubishi wa abiria mwenyewe. Akisema helmeti haisaidii, dawa yake ni takwimu, na moja inatosha: mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Kama zile nyingine zinasema tu ajali ni nyingi, futa. Nani anabisha hilo?

Jirani mpe sentensi moja, baada ya takwimu. Peke yake hathibitishi kitu, maana msomaji naye ana mjomba aliyepanda pikipiki miaka 20 kichwa wazi. Kinachomeza maneno kwenye visa ni mvua, barabara na rangi ya pikipiki.

Yai ningelitupa. Lingebaki tu kama lingeeleza jinsi povu la ndani ya helmeti linavyobonyea na kupunguza kishindo.

Kisha soma upya ukijifanya mbishi. Pingamizi likifufuka mahali, hapo umekata pabaya.