Mrututu kwenye lambo la kijani: yaliyotukuta Kahe

"Wakuu, lambo letu huku tambarare ya Moshi limegeuka kijani tangu wiki iliyopita. Ukichota unaona kama rangi ya kupaka ukuta. Ng'ombe wanakunywa humo, na siku bomba likikauka tunachota ya nyumbani tunachemsha. Jirani anasema nimwage mrututu, ile dawa ya bluu ya shaba, ukijani utaisha. Nimwage?"

Usimwage, mkuu, na ng'ombe wahamishe leo hii hii. Mimi nilimwaga.

Lambo letu liko Kahe, tulichimba ndugu watatu, kama mita 50 kwa 40, kina chake kwa wastani mita mbili na nusu. Juu yake kuna nyanya na vitunguu, na zizi la shemeji yangu limekaa kwenye mteremko. Vuli ya mwaka ule ilinyesha vizuri, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakashuka hadi lambo likajaa, tukafurahi. Januari jua likawaka, maji yakatulia, hakuna mapya yaliyoingia. Katikati ya mwezi tukaamka limekuwa kijani.

Kwa siku kama 10 ng'ombe walikunywa na hakuna aliyeumwa, ndiyo maana tukaona ni uchafu tu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ilikuwa bahati. Ule ukijani si mwani wa kawaida. Ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua kama majani, wataalamu wanawaita sainobakteria, na aina iliyokuwa kwetu, kwa alivyoiona daktari wa mifugo kwenye hadubini, ni maikrosistisi. Hawa wana vifuko vya hewa ndani ya mwili, kwa hiyo pakitulia wanaelea juu, na upepo wa mchana unawasukuma wote kona moja. Katikati ya lambo maji yanaweza kuwa na sumu kidogo tu, wakati kwenye kona ile utando ni mzito kama uji na sumu ni mara mia, hata mara elfu. Kijana wetu alikuwa akinyweshea upande wa pili, kwenye mawe, upepo unakotokea. Angezoea kushukia kona yenye mteremko laini, tungezika wanyama wiki ya kwanza.

Sasa mrututu. Huku kwetu kila nyumba yenye kahawa inaujua, na ni kweli unaua mwani. Tukayeyusha kilo tano kwenye mapipa, tukamwaga jioni tukizunguka lambo lote. Asubuhi ukijani umeanza kukatika. Siku ya tatu maji yamekuwa meupe kabisa, isipokuwa pembeni palikuwa na utando wa bluu hafifu. Tukadhani ni rangi ya mrututu wenyewe. Kumbe sivyo: hao bakteria wana rangi ya bluu ndani ya mwili, na wakipasuka ndiyo inayomwagika majini. Ile bluu ilikuwa inatuambia kwamba kila kilichokuwa ndani yao kimeshatoka nje.

Hapo ndipo hatari ilipo. Sumu ya maikrosistisi, inaitwa maikrosistini, kwa sehemu kubwa hukaa ndani ya bakteria akiwa hai. Ukimuua kwa mrututu anapasuka na kuiachia yote kwa mara moja, ikayeyuka kwenye maji yanayoonekana safi. Ng'ombe anayekwepa utando wa kijani hawezi kukwepa kitu asichokiona wala kukinusa. Na sumu hiyo haiondoki kesho yake, inaweza kukaa majini wiki kadhaa.

Si sisi wa kwanza. Mwaka 1979 kisiwa cha Palm, huko Queensland, Australia, watu walilalamikia maji ya bwawa lao kwamba yana ladha na harufu mbaya. Bwawa likatiwa mrututu. Siku chache baadaye watu 148 wakaanza kuugua ini na figo, wengi wao watoto, na wengi wakaishia hospitali. Ilikuwa sainobakteria wa aina nyingine na sumu nyingine, lakini kosa lilikuwa lile lile.

Ng'ombe tuliowazuia tulipomwaga mrututu, tuliwarudisha siku ya tatu, asubuhi. Jioni ndama mmoja akakataa kunyonya, mtamba mmoja akawa anatembea kama mlevi, mwingine anaharisha na damu ndani. Alfajiri ndama na mtamba wamelala chali. Daktari alipompasua yule mtamba, ini lilikuwa limevimba, jekundu karibu na weusi, ukilikata linachuruzika damu kama sponji. Akasema ini ndiko sumu hii inakokwenda, inalegeza seli zake hadi damu inajaa ndani ya ini lenyewe, na mnyama anakufa kwa sababu damu yake imeishia humo.

Waliobaki nilidhani wamepona. Baada ya wiki, ng'ombe wetu wa maziwa mwenye mabaka akaanza kuchubuka ngozi. Kwenye mabaka meupe tu! Meusi yako sawa kabisa, na mstari kati yao umenyooka kama umechorwa. Pua na chuchu nazo zikavimba. Ini lililoumia halitoi tena taka fulani ya majani, taka hiyo inabaki kwenye damu, na jua likiipiga chini ya ngozi isiyo na weusi inaunguza. Ukiona hivyo baada ya maji ya kijani, usihangaike na dawa ya upele. Mweke kivulini, mwite daktari. Dawa ya kuifuta sumu yenyewe haipo, ni kumsaidia tu ini lipumue.

Kuna aina nyingine za hawa bakteria ambazo sumu yake inapiga mishipa ya fahamu. Hapo mnyama anatetemeka, anashindwa kupumua na kufa ndani ya saa chache au dakika tu, na ukimpasua unaweza usione kitu. Mbwa wako hatarini zaidi kwa sababu wanajilamba manyoya baada ya kuogelea.

Unaweza kuuliza ukijani ulitoka wapi ilhali hakuna aliyemwaga mbolea lamboni. Mimi nilipiga hesabu kwenye mfuko. Mfuko wa DAP wa kilo 50 umeandikwa 18-46-0. Ile 46 ni asilimia ya fosforasi, chakula kinachowanenepesha hawa bakteria, iliyopimwa kwa namna ya viwandani, ukiigeuza kuwa fosforasi yenyewe unapata kama kilo 10 kwa mfuko. Lambo letu ni mita 50 mara 40 mara 2.5, yaani mita za ujazo 5,000. Maji yenye miligramu 0.1 ya fosforasi kwa lita tayari yameshiba kupita kiasi, na kwa lambo kama letu hiyo ni nusu kilo tu. Yaani DAP kilo mbili na nusu. Msimu ule mashamba ya juu yalitiwa mifuko sita, fosforasi kilo 60. Asilimia moja tu ikisombwa, lambo limeshiba. Na hapo sijahesabu samadi ya shemeji, ambaye hadi leo hataki kuisikia hesabu hii.

Tena fosforasi haishuki ikiwa imeyeyuka kama chumvi. Sehemu kubwa inashikana na udongo, kwa hiyo yale maji ya rangi ya chai tuliyoyafurahia ndiyo yaliyokuwa yameibeba. Tope linatulia chini. Joto likizidi na maji ya chini yakiishiwa oksijeni, tope linaiachia tena. Ndiyo maana hata ukiacha mbolea mwaka huu, mwakani lambo linaweza kugeuka tena kwa akiba iliyoko chini.

Kuhusu kuchemsha: acha kabisa. Kuchemsha kunaua vimelea vya kuhara, lakini maikrosistini haivunjiki kwa moto wa jikoni, na bakteria wakipasuka sufuriani wanaiachia yote. Dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa nayo inawapasua kabla haijaifikia sumu, na kwenye maji mazito haitoshi. Kuchuja kwa kanga kunatoa utando, sumu iliyoyeyuka inapita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa kila siku, na hicho huwezi kukikisia kwa macho. Mwaka 1996, Caruaru nchini Brazili, maji yenye sumu hii yaliingia kwenye mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo, na vifo zaidi ya 50 vikahusishwa nayo. Wale yaliingia moja kwa moja kwenye damu, sisi tunakunywa, lakini ini ni lile lile. Nunua maji ya bomba hata kwa dumu. Watoto wasiogelee, wengine wanatoka vipele na kutapika.

Kabla ya kumwita mtu, jaribu hivi. Vaa glovu, chota kwenye chupa angavu, jaza robo tatu, iache usiku mzima bila kuitikisa. Ukijani ukipanda juu na kufanya pete shingoni, yaelekea sana hao ni sainobakteria. Ukizama chini, huenda ni mwani wa kawaida. Au ingiza kijiti: kikitoka na nyuzi kama nywele, huenda si hao, kikitoka kimepakwa rangi, huenda ni hao. Jaribio hili halikuambii kama wana sumu, kwa sababu lambo moja linaweza kuwa nayo wiki hii na lisiwe nayo wiki ijayo. Hilo ni kazi ya maabara. Sisi tunachukulia kwamba ipo.

Tulichofanya baadaye ni hiki. Tulizungushia uzio, tukaweka birika la kunyweshea juu, na pampu inavuta upande upepo unakotokea, mdomo wa bomba ukining'inia chini ya boya kama nusu mita kutoka juu ya maji. Maji yakiwa kijani hata birika tunalifunga. Mashamba ya juu, DAP inawekwa shimoni na kufukiwa, haitupwi juu ya ardhi mawingu yakiwa yamejaa. Kati ya shamba na lambo tumeacha mita 10 za majani ya tembo, na mtaro wa zizi umegeuzwa uende kwenye migomba. Mwaka wa kwanza lambo lilikuwa kijani tena, wa pili kidogo, wa tatu halikubadilika.

Samaki ukivua humo, toa matumbo na ini lote na usimpe paka. Na ule utando ukikauka ukingoni maji yakishuka, unakuwa ganda la kijivu lisilo na harufu. Usiache kuku na mbuzi walidonoe, sumu inakaa humo miezi. Sisi tulilikwangua kwa jembe na kulifukia mbali na maji.