Leza ya Nanomita 650 Iliyonipa 707

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni tulipewa zoezi la kupima urefu wa wimbi la leza nyekundu, na ile karatasi ya maelekezo ilitutaka tugawanye umbali wa doa ukutani kwa umbali wa ukuta, kisha tuzidishe kwa nafasi iliyopo kati ya mistari ya kile kipande cha plastiki kinachotawanya mwanga. Ukuta ulikuwa mita 1 kamili, doa la kwanza lilikuwa sentimita 42.4 kutoka katikati, na plastiki ilikuwa na mistari 600 kwa kila milimita, yaani nafasi ya nanomita 1,667. Nilipata nanomita 707, ilhali lebo ya leza ilisema 650. Nilirudia vipimo mara tatu, nikailaumu leza, nikailaumu hata tepu.

Kosa lilikuwa kwenye kanuni. Mwanga hufuata sini ya pembe, lakini doa lililo ukutani hutupatia tanjenti, na karatasi ilizichukulia kuwa kitu kimoja kwa sababu pembe ikiwa ndogo zote mbili hukaribia pembe yenyewe, mradi ipimwe kwa radiani. Kwa nyuzi 5 jambo hilo halina madhara: pembe ni 0.0873, sini 0.0872, tanjenti 0.0875. Pembe yangu ilikuwa karibu nyuzi 23, yaani radiani 0.401, na hapo sini ni 0.390 ilhali tanjenti ni 0.424. Sini hubaki chini ya pembe na tanjenti huipita, kwa hiyo anayeweka moja mahali pa nyingine hubeba makosa yote mawili kwa pamoja. Kwangu yalifika asilimia 8.6, na kurudia vipimo kusingeyapunguza kwa sababu daima yanaelemea upande mmoja.

Siku hizi, kabla ya kukubali kadirio lolote la namna hii, huchukua pembe kwa radiani, nikaizidisha kwa yenyewe, kisha nikagawanya kwa 6 ikiwa nimeiweka pembe mahali pa sini, kwa 3 ikiwa ni mahali pa tanjenti, au kwa 2 ikiwa nimebadilisha sini kwa tanjenti. Jibu ni kosa kwa sehemu ya thamani halisi, angalau kwa kukaribia: 0.401 hutoa 0.080, chini kidogo ya kosa lenyewe. Pembe ikiongezeka maradufu, kosa huwa takriban mara nne.

Kisha hulilinganisha na kosa la rula. Kwa plastiki ya mistari 100, doa lingeangukia kwenye sentimita 6.5, ambapo kukosea milimita 1 ni asilimia 1.5 na kadirio linakosea asilimia 0.2 tu, kwa hiyo sina sababu ya kulikataa. Kwa sentimita 42.4 milimita hiyo ni robo tu ya asilimia, na kadirio ndilo linaloharibu kazi. Dawa yake ni kugawanya 42.4, si kwa 100, bali kwa urefu wa mstari wa mshazari kutoka kwenye plastiki hadi kwenye doa, ambao ni sentimita 108.6. Nilipofanya hivyo nilipata nanomita 651.