Lupu nyuma ya swichi ndogo isiyo na mipangilio

"Nimewasha Loop Prevention kwenye swichi ya poti 8, ofisini Mafinga, lakini jana mtandao wote ulilala tena. Kinga ipo au haipo?"

Ipo mkuu, ila haioni kila kitu. Swichi hizi hutuma fremu ya majaribio kila baada ya muda mfupi. Ikirudi kwake, inajua kuna lupu, yaani njia ya waya inayozunguka na kurudi palepale, na inafunga poti. Hazizungumzi na swichi nyingine kama inavyofanya STP, itifaki ya swichi ya kuzuia lupu, kwa hiyo kazi yote inategemea fremu ile irudi.

Yalinikuta Iringa mjini. Chini ya meza ya mhasibu kulikuwa na kiswichi cha bei poa cha poti 5, na aliyefagia aliona waya unaning'inia akauchomeka humohumo. Lupu ikazunguka ndani ya kiswichi. Fremu ya majaribio ama inatupwa na kiswichi, ama inapotea kwenye msongamano, na matangazo, yaani fremu za broadcast zinazotumwa kwa vifaa vyote, yanamwagika hadi swichi kubwa.

Utaitambua hivi: taa zote zinapepesa kwa pamoja bila kupumzika. Chomoa waya unaokwenda kwenye kiswichi. Swichi kubwa ikitulia huku kiswichi kikiendelea kupepesa, mwizi yuko huko.

Mimi kwenye poti hiyo niliwasha pia Storm Control, matangazo yasizidi Mbps 1. Mhasibu bado atakatika lupu ikirudi, lakini wengine wataendelea kufanya kazi. Kisha nikakitoa kile kiswichi, nikavuta waya mpya.