Saa nne ya mama, 4h ya kadi: majibu ya mnajimu kwa wanaotafuta saa ya kuzaliwa

«Nilizaliwa asubuhi, mwaka 1990, hapa Goma. Naomba unitafutie saa kamili.»

Asubuhi ina masaa sita, na ndani ya masaa sita asendanti, yaani digrii ya nyota inayochomoza mashariki ukizaliwa, inapita nyota tatu nzima. Tarehe hukuandika, tukio hata moja la maisha la kupimia saa hukuandika. Nimeshasema, na leo narudia: barua ya namna hii siijibu tena.

«Kadi yangu inasema nilizaliwa 4h, Bukavu, 21 Machi 1985. Mama anasema saa nne. Nilifunga ndoa 13 Disemba 2014, papa alifariki Juni 2022. Mnajimu mmoja alinihakikishia ni saa kumi alfajiri, mwingine akaapa ni saa nne asubuhi, na wote wawili walitumia matukio hayohayo. Nani ananidanganya? — Kadutu»

Hakuna anayekudanganya, ndugu, na tatizo ni kubwa kuliko uongo. Barua yako nimeiweka juu ya zingine kwa sababu ndiyo kosa ninaloliona kila siku huku kwetu.

Tuanze na chati zenyewe. Ukizaliwa Bukavu siku ile saa nne asubuhi, asendanti iko karibu digrii 29 ya Ng'ombe, na kilele cha mbingu digrii 25 ya Ndoo. Ukizaliwa saa kumi alfajiri, asendanti inakuwa digrii 25 ya Ndoo, na kilele digrii 29 ya Nge. Ziangalie vizuri. Msalaba wa pembe hizo na zile zinazozikabili ni uleule: Ndoo na Simba kwenye 25, Ng'ombe na Nge kwenye 29. Kilichobadilika ni jina la kila pembe tu. Tofauti inayobaki kati ya misalaba hiyo miwili haifiki digrii moja.

Sababu yake ni mahali tulipo. Bukavu iko digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, na hapa kila nyota inachukua karibu masaa mawili kuchomoza. Kwa hiyo ukisogeza saa kwa masaa sita, mbingu inazunguka robo duara karibu kamili, na digrii iliyokuwa inachomoza inafika kileleni. Ulaya mambo si hivyo, kwa kuwa kule kuna nyota zinazochomoza haraka na zingine zinazojikokota. Ndiyo maana vitabu vya Wafaransa na Wabelgiji tunavyosomea havikuonyi juu ya hili. Na masaa sita ndiyo tofauti kati ya saa ya Kiswahili na saa ya Kifaransa! Mama anasema saa nne, karani anasikia nne, anaandika 4h. Kosa letu la kawaida kabisa linaangukia pale pale ambapo tranziti, yaani mapito ya sayari juu ya pembe, haziwezi kulifichua.

Sasa matukio yako. Siku ya ndoa yako sayari ya Zohali ilikuwa inakaribia digrii 29 ya Nge. Aliyechukua saa nne aliiona juu ya desendanti, pembe ya mwenzi, akasema: hii hapa ndoa. Aliyechukua saa kumi aliiona juu ya kilele, akasema: hii hapa hadhi mpya mbele ya watu. Papa yako alipofariki, Zohali ilikuwa imesimama digrii 25 ya Ndoo. Ilisimama tarehe 4 Juni 2022 ili kurudi nyuma. Wa kwanza akasema iko kileleni, kwenye mhimili wa wazazi. Wa pili akasema iko kwenye asendanti, mtu amebeba mzigo mwilini mwake. Maelezo yote mawili yanasikika vizuri, na hapo ndipo nisipoelewana na wenzangu wengi wa kazi hii: maelezo yanayosikika vizuri si ushahidi wa saa.

Ungeongeza matukio kumi, usingetoka. Kila sayari inayogusa msalaba wa kwanza inagusa na wa pili ndani ya siku zilezile. Hata ukisogeza pembe kwa digrii moja kila mwaka wa maisha, zote zinasogea pamoja. Chati iliyoendelezwa, ile ya siku moja kwa mwaka mmoja, inatofautiana kwa miezi mitatu tu, kwa sababu masaa sita ni robo ya siku. Kuna wanaodai Mwezi ulioendelezwa utawaamulia kwa miezi hiyo mitatu. Mimi siamini, maana tukio la maisha ya mtu linaanza lini hasa, siku ya posa au siku ya harusi?

Kwa hiyo chati iache kwanza, nenda kwa mama. Usimuulize saa, maana huenda saa yenyewe aliisoma kwenye kadi. Muulize kama kulikuwa na giza. Bukavu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo saa kumi ni usiku mtupu. Na tarehe ile mwezi ulikuwa unaandama, hata mbalamwezi haikuwepo. Mtu aliyepelekwa materniti kwa kurunzi hasahau. Halafu muulize papa alikuwa wapi. 21 Machi 1985 ilikuwa Alhamisi. Saa nne mwanaume yuko kazini na mtu ametumwa kumwita. Saa kumi yuko nyumbani, na yeye ndiye aliyehangaika kutafuta gari. Shangazi na jirani waulize mbali mbali, wasikae pamoja wakasikizana.

Majibu yakisema mchana, hapo ndipo tranziti zinaanza kazi yao, na kazi hiyo ni ya dakika, si ya masaa. Pembe inasogea digrii moja kila dakika nne, takriban. Ndoa yako ndiyo kipimo kizuri zaidi, kwa sababu Disemba 2014 Zohali ilikuwa inatembea mwendo wake wa kawaida na digrii moja iliimaliza ndani ya siku tisa hivi. Msiba ni kipimo kibovu, ingawa unauma zaidi: tangu Mei hadi Julai 2022 Zohali ilizunguka kwenye digrii moja na kidogo, ingepatana na tarehe yoyote ya majira yale. Kwa ndoa peke yake, saa nne kamili inakaa vizuri, robo saa mbele au nyuma haikai. Lakini uniambie kwanza: 13 Disemba ni mahari, ni komini au ni kanisa? Watu wa kwetu wanaoa mara tatu, kisha wanachagua tarehe inayopendeza chati. Chagua moja kabla ya kufungua programu, na usiibadilishe.

«Nyumba yetu iliungua Buhene volkeno ilipolipuka 22 Mei 2021. Zohali ilikuwa digrii 13 ya Ndoo. Basi asendanti yangu ni 13 ya Ndoo, au siyo?»

Pole sana, mama. Lakini siyo. Zohali ilisimama kesho yake, tarehe 23, kwenye digrii hiyohiyo, na kwa zaidi ya mwezi ilikuwa bado papo hapo. Usiku ule mji mzima uliuona moto. Tukifuata hesabu yako, Goma yote ina asendanti moja. Tukio la watu wote halipimi saa ya mtu mmoja, hata likikugusa vibaya namna gani. Mlipuko wa 17 Januari 2002 nao msiniletee.

Ukitaka, tumia kilicho chako peke yako ndani ya tukio lile. Kama ulijifungua njiani wakati watu wanakimbilia Sake, siku ile ya mtoto naikubali.

«Programu mbili za simu zinanipa asendanti mbili, zimeachana karibu nusu nyota. Lubumbashi, 1978.»

Moja inakuhesabu kwa saa ya Kinshasa. Kwenye orodha ya saa chagua Africa/Lubumbashi, si Africa/Kinshasa. Saa moja ni digrii 15. Watu wa Goma na Bukavu vilevile. Mkiona programu imeongeza saa ya kiangazi, ifuteni: Kongo haina kitu hicho.

«Nililipa dola 50, nikatuma matukio ishirini, nikapewa saa yangu hadi sekunde: 7h42 na sekunde 18. Naweza kuiamini?»

Sekunde 18? Kwa sekunde 18 asendanti haijasogea hata sehemu ya kumi ya digrii, na hakuna tukio la maisha linalopimika hivyo. Hata mkunga mwenye saa ukutani anaandika robo au nusu, akishamaliza kukushughulikia wewe na mama.

Kinachonikera zaidi ni yale ishirini. Zohali inagusa moja ya pembe nne kila miaka saba hivi, na mara nyingi inapita mara tatu kwa sababu ya kurudi nyuma. Mshtarii kila miaka mitatu. Ongeza Mirihi, ongeza Uranusi, ongeza pembe zinazosogezwa, halafu mruhusu mnajimu achague kwa kila tukio sayari anayoitaka. Saa yoyote utakayoitaja itapata matukio kumi na zaidi ya kujivunia.

Mpime hivi. Kwa orodha mpya, mpe mnajimu asiyekujua matukio sita yenye tarehe, na matano mengine yafiche. Akishakupa saa yake, aandike kwenye karatasi, kwa saa hiyo, ni miezi gani ya miaka kumi iliyopita iliyokuwa mizito na kwa jambo gani. Ndipo utoe yale matano. Afanye hivyohivyo kwa saa iliyo nusu saa mbele. Saa ya uongo ikipata sawa na saa yake, dola zako zimelipia hadithi. Wengi watakataa mtihani huu, na kukataa kwenyewe ni jibu. Na akikuambia saa mpya imeonyesha kwamba mke si wako au dawa za hospitali uziache, toka nje.

«Je, hii ni sayansi?»

Hapana. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson ambapo wanajimu walishindwa kulinganisha chati na wenye chati vizuri kuliko kubahatisha. Wanaotaka bado kufanya hesabu, wafanye hesabu safi.

«Mama alishafariki, materniti iliungua na vitabu vyake, shangazi hakumbuki. Ninayo tarehe tu.»

Basi baki na tarehe. Weka chati ya saa sita mchana, nyumba na pembe usizisome kabisa. Mwezi usome kwa tahadhari: kwa siku nzima unatembea digrii 12 hadi 15, kwa hiyo kama mchana ule uko katikati ya nyota, nyota yake unaijua, kama uko ndani ya digrii saba au nane za mpaka, andika nyota zote mbili. Na akitokea mtu wa kukuuzia asendanti, muulize anaanzia wapi.