Swali la lugha: sura ya magonjwa ya mifugo ndani ya jedwali moja

*"Mwalimu, nimepewa sura nzima ya magonjwa ya mifugo niifupishe iwe jedwali moja: dalili, njia za maambukizi na udhibiti. Kila nikijaribu, sentensi moja inataka kuingia safu mbili, na nyingine haina pa kukaa. Niandikeje?" – Mwanafunzi wa mifugo, Arusha*

Usianze kwa kunakili sentensi. Anza kwa kuipa kila safu swali lake, uliandike kwa penseli juu ya karatasi. Safu ya dalili inauliza: mfugaji anaona nini kwa mnyama? Safu ya maambukizi inauliza: ugonjwa umeingiaje mwilini? Safu ya udhibiti inauliza: mtu afanye nini, na lini? Ukishika maswali hayo, utaona kwamba sentensi inayogombaniwa na safu mbili ni taarifa mbili zilizounganishwa, na kazi yako ni kuzitenganisha.

Tuchukue ndigana kali, ambayo wafugaji wengi wa Monduli na Longido huiita oltikana. Tuseme sura yako inaieleza hivi:

"Ndigana kali ni ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kimelea wa seli moja anayeenezwa na kupe wa kahawia wa masikio. Kwa kuwa kupe huyu hupenda kung'ata masikioni, tezi za chini ya sikio huvimba kwanza. Homa hupanda, maziwa hupungua, na mnyama huacha kula. Baadaye hukohoa, hupumua kwa shida, na wakati mwingine povu hutoka puani. Ndama wa asili na ng'ombe wa kisasa wa rika lote huathirika zaidi. Ng'ombe waogeshwe kila wiki kwa dawa ya kupe, na ndama wachanjwe."

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuandika "kupe" peke yake kwenye safu ya maambukizi. Mbaya zaidi ni "husababishwa na kupe". Kupe hasababishi ndigana, anaibeba tu. Kisababishi ni kimelea, na njia ni kung'atwa na kupe aliyembeba. Tofauti hiyo inabadilisha maana ya safu inayofuata. Kupe huyu humpata kimelea akiwa bado mdogo, anaponyonya damu ya ng'ombe mgonjwa. Kisha hudondoka, hujibadili, na humwambukiza ng'ombe mwingine katika hatua yake inayofuata ya maisha. Hamrithishi kimelea kupitia mayai. Tena akishang'ata, huchukua siku tatu hivi au nne kabla vimelea hawajakomaa kwenye mate yake na kuanza kuingia kwa ng'ombe. Ndiyo maana kupe akifa mapema huwa hajaambukiza, na ndiyo maana palipo na kupe wengi ng'ombe huogeshwa mara mbili kwa wiki. Mwanafunzi aliyeandika "kupe" tu ameipoteza sababu ya ratiba.

Tazama sasa sentensi ya pili, inayoanza na "kwa kuwa". Ndiyo inayokusumbua, kwa sababu inaeleza tezi na kupe kwa pamoja. Ikate kwenye kiungo. Nusu ya tezi iende kwenye dalili, na mahali kupe anapong'ata paende kwenye maambukizi. Neno "kwa kuwa" lenyewe halina kazi tena, maana mpangilio wa jedwali umeshaliunganisha jambo.

Sentensi isiyo na pa kukaa ni ile ya ndama na ng'ombe wa kisasa. Si dalili, si njia, wala si udhibiti. Usiitupe, na usiongeze safu ya nne. Iweke chini ya jina la ugonjwa, katika safu ya kwanza kabisa, kwa kuwa inamwambia msomaji mstari huu unamhusu nani.

Halafu kuna maneno madogo ambayo wengi huyafuta kwanza: "kwanza", "baadaye", "wakati mwingine". Mimi nayatetea kwa nguvu zote. Ukiandika "tezi kuvimba, kukohoa, povu puani" kwa mkupuo mmoja, mfugaji atasubiri povu ndipo aite daktari, na kufikia hapo mapafu yameshajaa maji. Futa "ambaye", "hivyo basi" na "ni muhimu kufahamu kuwa", lakini maneno yanayopanga wakati uyaache.

Kuhusu umbo la maneno, chagua moja kwa kila safu na usiliache. Kwenye dalili tumia nomino au kitenzi-jina: homa kali, kuvimba kwa tezi, kukohoa. Ukichanganya "homa kali, anakohoa, tezi zitavimba", msomaji hatajua ni nani anayezungumziwa. Kwenye udhibiti, kitenzi kiwe cha mtu anayetenda, na kipimo chake kikifuate: "kuogesha kila wiki", si "uogeshaji wa mara kwa mara". Mara kwa mara ni lini? Kama sura imetaja wiki, wiki iingie kwenye jedwali.

Kimeta kina ugumu wa aina nyingine: damu ileile inajitokeza katika safu zote tatu. Mnyama hufa ghafla, na damu isiyoganda hutoka puani, mdomoni na sehemu ya haja kubwa. Vijidudu vilivyo kwenye damu hiyo, mzoga ukipasuliwa na kupata hewa, hujitengenezea ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi wakisubiri mnyama mwingine alishe hapo. Kwa hiyo mzoga haupasuliwi. Usiogope kurudia damu au mzoga. Kila safu inavitaja kwa swali lake, na huko si kurudia maneno ovyo.

Mistari hiyo miwili ikikamilika itasomeka hivi:

| Ugonjwa | Dalili | Njia za maambukizi | Udhibiti |
|---|---|---|---|
| Ndigana kali (ng'ombe, hasa ndama wa asili na ng'ombe wa kisasa wa rika lote) | Kwanza: kuvimba kwa tezi za chini ya sikio, homa kali, kupungua kwa maziwa, kuacha kula. Baadaye: kukohoa, kupumua kwa shida, wakati mwingine povu puani | Kung'atwa, hasa masikioni, na kupe wa kahawia aliyebeba kimelea | Kuogesha kwa dawa ya kupe kila wiki, mara mbili palipo na kupe wengi, kuchanja ndama |
| Kimeta (ng'ombe, mbuzi, kondoo, humpata pia binadamu) | Kifo cha ghafla, kutokwa damu isiyoganda puani, mdomoni na sehemu ya haja kubwa | Kulisha kwenye udongo wenye vijidudu, kwa binadamu, kuchuna mzoga au kula nyama yake | Kuchanja kila mwaka, kutopasua wala kuchuna mzoga, kuuchoma au kuuzika kwa kina, kumwarifu afisa mifugo mara moja |

Umeona "kutopasua". Sura nyingi huandika "mzoga usipasuliwe", na katika maelezo marefu ni sahihi kabisa. Ndani ya safu iliyojaa vitenzi-jina, kanusho la "kuto-" ndilo linalokaa sawa na wenzake.

Bila shaka sura yako imetaja na dawa za kutibu. Usizichomeke kwenye udhibiti. Kudhibiti ni kuuzuia ugonjwa usiingie au usienee, na kutibu ni kumshughulikia mnyama aliyekwisha ugua. Ndigana kali ina dawa inayofanya kazi vizuri ikitolewa mapema, lakini sindano hiyo haiwazuii kupe wa kesho kumng'ata ng'ombe wa jirani. Kama mwalimu wako ametaka safu tatu tu, andika tiba kwa mstari mmoja chini ya jedwali, ukitaja ni ya ugonjwa upi.