Kupaka rangi namba zinazojirudia bila kuzifuta

"Nina liste ya wanamemba 399 hapa Goma, namba za simu ziko kwenye B. Excel inaacha zingine bila rangi hata kama ni zilezile. Sitaki kufuta mtu."

Ndugu, Excel inalinganisha maandishi tu. Kwake, 0990000012 na +243 990 000 012 ni vitu viwili. Linganisha tarakimu 9 za mwisho. Kwenye E2 andika hii, kisha uivute mpaka E400:

```
=DROITE(SUBSTITUE(B2;" ";"");9)
```

Namba zote mbili zinabaki 990000012, na hata ile iliyopoteza sifuri ya mbele inaingia.

Sasa chagua A2:E400, anzia A2. Fungua Mise en forme conditionnelle, Nouvelle règle, Utiliser une formule, uweke:

```
=ET($E2<>"";NB.SI($E$2:$E$400;$E2)>1)
```

Bonyeza Format, Remplissage, rangi ya njano. Sehemu ya kwanza inazuia mistari isiyo na namba isipakwe. Alama ya $ mbele ya E usiisahau, la sivyo mstari hautapakwa rangi wote.

Kisha chuja kwa rangi usome majina: mara nyingi mama na mtoto wanatumia simu moja, na hao ni watu wawili kweli.