Je, kila kitanzi kwenye mchoro wa pendulamu ni mzunguko kikomo?

*Mwalimu, salaam. Ninaandaa kwa Kiswahili maelezo ya somo la mifumo isiyo ya mstari kwa wanafunzi wetu hapa Mombasa. Kwenye mchoro wa pendulamu nimeviita vitanzi vyote vilivyofunga "mizunguko ya kikomo", na pale chini nimeandika "nukta ya mlingano". Mwenzangu anasema nimekosea yote mawili, na kwamba bora tuseme "limiti saiko" tu. Nani ana haki? — Msomaji, Kisauni*

Salaam. Mwenzako ana haki kwamba umekosea, ila dawa yake siyo. Pendulamu sahili, ile isiyo na msuguano wala kitu cha kuisukuma, ina vitanzi visivyohesabika na hata kimoja si mzunguko kikomo. Ukikopa neno la kigeni mzimamzima, kosa hilo litabaki palepale, limejificha tu.

Tuanze na mchoro wenyewe. Pendulamu ya urefu wa L, ikiwa pembe yake na wima ni θ na kasi ya pembe ni ω, hufuata milinganyo miwili:

```
θ' = ω
ω' = -(g/L) sin θ
```

Pembe tunaiweka kwenye mhimili wa mlalo na kasi kwenye mhimili wa wima. Wengi huliita eneo hilo "bapa la awamu", na sikatai, lakini mimi hupendelea "bapa la hali". Awamu kwetu ni zamu au kipindi: awamu ya kwanza ya ujenzi, awamu ya pili. Hapa hapana zamu yoyote. Kila nukta ya bapa inaeleza hali ya pendulamu kwa wakati mmoja, iko wapi na inakwenda kasi gani.

Hapo ndipo "nukta ya mlingano" inapoharibika. Mlingano na mlinganyo zimeachana kwa herufi moja, na mwanafunzi ambaye tayari ana milinganyo miwili ubaoni atadhani unazungumzia nukta inayotimiza mlinganyo. Andika "nukta ya msawazo". Kisha angalia kitenzi unachokitumia nayo. Sentensi "pendulamu ikiwa chini iko kwenye msawazo" si kweli, kwa sababu pendulamu inayobembea hupita chini ikiwa na kasi yake kubwa kuliko zote. Sema "ikiwa imetulia chini". Msawazo unataka θ' na ω' ziwe sifuri kwa pamoja, yaani ω = 0 na sin θ = 0. Kwa hiyo tunapata θ = 0, na θ = π pale juu kabisa, na marudio yake kila baada ya 2π.

Hizo mbili hazifanani tabia. Chukua L = mita 1 na g = 9.81, na fimbo ngumu badala ya uzi, maana uzi unaweza kulegea kipande kinachoning'inia kikivuka mlalo. Karibu na θ = 0, sin θ ni kama θ yenyewe, na mizizi ya mlinganyo wa mstari inatoka ±3.13i: hakuna kukua wala kufifia, ni kuzunguka tu, bembea moja kwa takriban sekunde 2.01. Nukta hii iite "kitovu". Karibu na θ = π alama inageuka, mizizi inakuwa +3.13 na −3.13, mmoja unasukuma nje na mwingine unavuta ndani. Hii ndiyo "nukta tandiko". Mara ya kwanza andika "tandiko la punda", kwa sababu hapa pwani ukisema tandiko peke yake, mtu anaweza kufikiria la kitandani, ambalo ni bapa tupu na halina ule mwinuko wa mbele na nyuma ulioifanya nukta ipewe jina hilo.

Sasa vitanzi. Bila msuguano, nishati haibadiliki, na unaweza kuiandika hivi ukiacha masi na L² pembeni:

```
E = ω²/2 - (g/L) cos θ
```

Kila thamani ya E ina mstari wake. Ukiiachia pendulamu kwenye radiani 0.2, itachora kitanzi kinachofika radiani 0.2 kila upande, milele. Ukiiachia kwenye 0.21, kitanzi kingine, cha nje kidogo. Ukienda 0.205, kipo kingine katikati. Vimepangana kama miduara ya kitunguu kilichokatwa, bila nafasi hata kidogo baina yao. Kitunguu kinaishia kwenye mstari unaopita nukta tandiko, ambao pale chini una kasi ya radiani 6.26 kwa sekunde. Zaidi ya hapo pendulamu haibembei tena, inazunguka moja kwa moja. Mstari huo uite "njia mpaka".

Vile vya ndani ni "njia funge". Neno funge wanafunzi wamekwisha kulikuta kwenye silabi funge na silabi wazi, na hapa lina kazi ileile.

Ili njia funge iwe mzunguko kikomo, sharti iwe pweke: uwepo ukanda kandokando yake usio na njia funge nyingine, na njia za jirani ziwe zinaikaribia au zinaikimbia kadiri muda unavyokwenda. Kitunguu chetu hakina upweke huo. Ukiisukuma pendulamu kidogo, hairudi kwenye kitanzi chake cha zamani, inahamia cha jirani na kukaa huko. Ukitia msuguano, sema kizuizi cha −0.5ω kwenye mlinganyo wa pili, njia funge zinatoweka zote, kwa sababu nishati inapungua kila ω isipokuwa sifuri, na njia haiwezi kurudi ilikoanzia ikiwa na nishati pungufu. Kitovu kinageuka "nukta mzongo": kila bembea inabakiza kama asilimia 60 ya upana wa iliyotangulia, hadi kutulia.

Kuhusu neno lenyewe, "mzunguko kikomo" nalikubali bila ile "wa". Tunazo nomino za namna hiyo tangu zamani, askari kanzu, bata mzinga, mbwa mwitu, ambamo la pili linataja aina ya la kwanza. "Mzunguko wa kikomo" unaelekeza kwingine: mtu aliyezoea kikomo cha mwendo barabarani ataelewa kuwa ni kitanzi ambacho pendulamu haiwezi kukivuka. Hiyo ni njia mpaka, kitu tofauti kabisa. Kikomo tunachokitaka ni cha hisabati, thamani inayokaribiwa bila kusita. Nimeona pia pendekezo la "mzunguko kivutio". Ni zuri kwa sikio, lakini ipo mizunguko kikomo inayofukuza majirani zake badala ya kuwavuta, na hiyo utaiitaje?

Wanafunzi wako watauona mzunguko kikomo halisi ukiipa pendulamu kitu cha kuilisha nishati inapobembea kidogo na kuinyang'anya inapobembea sana. Saa ya ukutani hufanya kazi inayokaribiana na hiyo: gurudumu lake la meno huisukuma pendulamu kidogo kila inapopita, na msuguano unakula kilichozidi. Kwa karatasi, ongeza −k(θ² − a²)ω kwenye mlinganyo wa pili. Pembe ikiwa ndogo kuliko a, kijenzi hiki kinasukuma, ikizidi, kinazuia. Kwa k = 20 na a = 0.1, bembea hutulia kwenye takriban 2a, yaani radiani 0.2, kama nyuzi 11 na nusu.

```
from math import sin
g, L, k, a, h = 9.81, 1.0, 20, 0.1, 0.001
q, w = 0.05, 0.0
for n in range(60000):
    w += h*(-(g/L)*sin(q) - k*(q*q - a*a)*w)
    q += h*w
```

Hapa q ni pembe θ, w ni kasi ω, na h ni hatua ya muda kwa sekunde. Waambie waanze na q = 0.05, kisha na q = 0.6, wachore w dhidi ya q. Njia ya kwanza inapanuka, ya pili inasinyaa, na baada ya kama sekunde 40 zote mbili zimo kwenye kitanzi kimoja. Kisha waweke k = 0 na kurudia. Sasa vinatoka vitanzi viwili mbalimbali, kila kimoja na upana wake wa mwanzo. Tofauti baina ya njia funge na mzunguko kikomo iko wazi kwenye skrini, hata kabla ya tafsiri.

Liko kosa moja litakalowapotosha hapa. Wengi huandika mstari wa kusogeza hali hivi:

```
q, w = q + h*w, w - h*(g/L)*sin(q)
```

Unaonekana sawa, lakini vyote viwili vinatumia thamani za zamani, na kila hatua inaongeza nishati isiyokuwepo. Kwa h = 0.01 upana unakua kama asilimia 10 kwa kila bembea ndogo. Mwanafunzi ataona mzongo unaotoka nje, aandike kwamba pale chini hapana utulivu, na lugha yake itakuwa safi kabisa ilhali fizikia yake ni batili. Wapunguze h mara kumi: mzongo ukipungua kasi nao mara kumi hivi, ni wa hesabu, si wa pendulamu. Katika programu ya kwanza hilo halitokei kwa sababu q inasogezwa kwa w mpya.

Basi chini ya mchoro wako andika hivi: "Bapa la hali la pendulamu sahili. Nukta za msawazo ni kitovu (0, 0) na nukta tandiko (±π, 0). Njia funge zinakizunguka kitovu hadi kwenye njia mpaka. Mfumo huu hauna mzunguko kikomo."